Shamba Molo, miaka 4: kodi ya 12,000 kwa ekari mapema au 13,250 mwaka ukiisha?

ViaziMolo
Hamjambo. Nakodi ekari 20 za viazi kuanzia tarehe 1 Machi, kwa miaka 4. Mwenye shamba kanipa njia mbili. Njia A, nalipa 240,000 mwanzoni mwa kila mwaka. Njia B, nalipa 265,000 mwaka unapoisha. Chama chetu cha akiba hukopesha kwa 12% kwa mwaka. Nimeweka kwenye Excel nikapata A ni 728,964 na B ni 804,898 kwa thamani ya leo. Basi A inaniokolea karibu 76,000? Naona kama ni nyingi mno.

Baba_Njoro
Mama, lipa mwisho. Shilingi ya mwakani haina uzito wa shilingi ya leo. Kulipa baadaye ni nafuu siku zote.

DalaKisumu
Hapa Kisumu duka langu nalilipia kila tarehe moja, na niliweka amana ya miezi miwili. Sijawahi kupigia hesabu. Kwani inafaa kitu?

Hesabu_Nakuru
ViaziMolo, shaka yako ni ya haki. Hesabu ya B iko sawa, ya A umeipiga kana kwamba unalipa mwisho wa mwaka. Kwenye fomula ya PV, inayotoa thamani ya leo, ukiacha nafasi ya mwisho wazi, Excel huchukulia ni 0, yaani mwisho wa kipindi. Andika hivi:

```
=PV(12%,4,-240000,0,1)
=PV(12%,4,-265000,0,0)
```

A itakuja 816,440. Ihakiki kwa mkono: 240,000 ya kwanza unaitoa siku unayoingia shambani, kwa hiyo haipunguzwi hata senti. Zinabaki tatu, za baada ya mwaka 1, 2 na 3, ambazo leo zina thamani ya 576,440. Jumlisha. Jibu lolote lililoipunguza ile ya kwanza lina kosa.

Kwa hiyo kwa 12%, B ndiyo nafuu, kwa kama 11,500. Ile 76,000 haikuwepo.

Baba_Njoro
Si nilisema!

Hesabu_Nakuru
Mzee wangu, ungekuwa sahihi kabisa kama kodi ingekuwa ileile. Hapa bei imepandishwa. Chora tarehe zote kwenye karatasi: malipo ya kwanza ya B yanaangukia karibu siku moja na malipo ya pili ya A. B ni A iliyosogezwa mwaka mmoja mbele, kila lipo likiongezwa 25,000. Ni kama mwenye shamba anakukopesha 240,000 kila Machi nawe unamrudishia 265,000 mwaka ukiisha. Gawanya 265,000 kwa 240,000, unapata riba ya 10.42%. Hiyo ndiyo bei ya kungoja, na haibadiliki hata mkataba ukiwa wa miaka 2 au 10.

Kama fedha zako zinakugharimu zaidi ya hapo, chukua B. Zikigharimu chini ya hapo, chukua A. Kwa 8%, kwa mfano, A inashinda kwa takriban 19,200.

DalaKisumu, kwako pengo ni la mwezi mmoja tu. Kwa riba ya 1% kwa mwezi, kulipa tarehe moja badala ya mwisho wa mwezi kunaongeza thamani ya kodi yako yote kwa 1%. Amana ndiyo inayokula zaidi, maana imelala kwa mwenye nyumba bila riba.

ViaziMolo
Asante sana. Sasa tatizo ni hili: msimu huu nina 240,000 mkononi za mavuno yaliyopita. Mkopo ningeuchukua kuanzia mwaka wa pili. Nitumie 12% au kile ambacho akiba yangu ingepata?

Mhasibu_Milimani
Mimi ningetumia 12%, kwa sababu ukizitoa hizo sasa utakopa za mbegu na mbolea. Angalia pia: kama chama kinatoza 1% kwa mwezi kwenye salio linalopungua, kwa mwaka mzima ni 12.68%, na B inapata nguvu zaidi. Na kama kampuni yako inafuata IFRS 16, kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa mikataba ya kukodi, chini ya A ile 240,000 ya siku ya kwanza haiingii kwenye deni. Deni linaanza na 576,440, ila haki ya kutumia shamba inaandikwa 816,440. Wengi huandika 816,440 pande zote mbili, na riba ya mwaka wa kwanza inavimba.

Hesabu_Nakuru
Sikubali moja kwa moja. Kama mbegu ameshanunua na hizo fedha zitalala tu kwenye akiba, kipimo ni akiba, angalau kwa mwaka wa kwanza.

Baba_Njoro
Na kodi ikiachwa hadi mwisho, je, viazi vikioza njiani? Mwenye shamba atangoja?

ViaziMolo
Mbegu bado sijanunua. Mzee, hilo la kungoja nitamuuliza Jumamosi kabla ya kutia sahihi, na nitamwambia B iwe 13,000 kwa ekari.