Kanuni ya nyuso zilizobandikwa: mshiriki atamke nini, kwa nani, na lini?

Katibu wa klabu, Dar es Salaam: Wanachama, mashindano ya mwaka huu yana kitengo cha picha zilizohaririwa. Rasimu ya kanuni ya 4 inasema hivi: "Mshiriki atatamka uso wowote uliobadilishwa." Kamati imegawanyika. Wapo wanaotaka ipite ilivyo, na wapo wanaotaka ifutwe kwa kuwa kitengo chenyewe ni cha uhariri. Nyie mnasemaje?

Mpigapicha wa harusi, Tanga: Ifutwe. Nikipanga familia ya watu kumi na mmoja mbele ya ukumbi, lazima mmoja afumbe macho na mtoto ageuke. Napiga fremu kadhaa mfululizo, halafu nyumbani naokota uso mzuri wa kila mtu. Ni nyuso zao wenyewe, za dakika hiyohiyo. Hata simu inafanya: Pixel 8 ilitoka mwaka 2023 na Best Take, unagusa uso, unachagua mwingine. Sasa nitamke kwamba bibi harusi ana uso wa bibi harusi?

Mwanachama mpya, Dodoma: Mimi naona kanuni inatuonea. Nimesafisha chunusi za dada yangu na kupunguza mng'ao wa jasho. Kumbe siruhusiwi tena kuileta?

Mhariri wa picha mstaafu, Dar es Salaam: Mwanangu, isome tena taratibu. Haikatazi chochote, inadai useme tu. Na chunusi haimo kabisa, maana uso umebaki uleule, wa fremu ileile.

Kaka wa Tanga ana hoja ila ameikata katikati. Katika kitengo cha uhariri jaji anapima mambo mawili: jicho la mpigapicha na mkono wa mhariri. Picha ya watu kumi na mmoja wote wanacheka kwa pamoja, kama ilinaswa kwa fremu moja, ni ushindi wa kusubiri na kupanga watu. Kama imeshonwa kutoka fremu tano, ni ushindi wa mkono. Zote mbili zinastahili alama, lakini si alama za aina moja. Jaji asipoambiwa anakupa sifa ya subira ambayo hukuwa nayo.

Niliwahi kukaa kwenye jopo, ikaletwa picha ya familia kwenye ngazi za nyumba, imepigwa jioni kwa flashi na lenzi pana ya milimita 24. Hakuna aliyetilia shaka mpaka tulipoikuza. Mtoto wa mwisho kulia alikuwa na macho yasiyo na ile nukta nyeupe ya flashi ndani ya mboni, na wenzake wote wanayo. Sababu yake mnaijua: ukipiga mfululizo, flashi haiwahi kujaa, kwa hiyo fremu ya pili au ya tatu inatoka bila flashi. Uso ulitoka huko. Kisha tukaona jambo la pili. Lenzi pana huvuta vichwa vilivyo pembezoni, vinanenepa kuelekea ukingoni. Jirani yake alikuwa amevutika, yeye kichwa cha mviringo safi. Tulipoomba faili ghafi, kweli, kwenye fremu nyingine mpigapicha alikuwa ameizungusha kamera na mtoto akaangukia katikati.

Hakuwa tapeli. Alikuwa amepewa alama za juu kabisa kwa "wakati sahihi", na wakati huo haukuwahi kuwepo.

Mwanachama mpya, Dodoma: Shikamoo mzee, nimeelewa. Ila si kuna njia rahisi? Ukifungua EXIF unaona kila kitu kilichofanywa. Na kuna tovuti zinawasha rangi pale palipobandikwa.

Mhariri wa picha mstaafu: Marahaba. EXIF inakuambia kamera, lenzi, saa, pengine na jina la programu iliyohifadhi faili. Haikuambii uso upi umetoka wapi. Picha ikipita WhatsApp kama picha ya kawaida, hata hayo kidogo yanafutika. Atume kama dokumenti. Hizo tovuti za rangi zinasoma tofauti za mgandamizo wa JPEG. Ukihifadhi upya mara kadhaa, alama zinafifia hata palipobandikwa, na ukingo wa kanga ukiwa na michoro mikali, rangi zinawaka pasipo na kosa. Usimhukumu mtu kwa hizo. Dai faili ghafi za kila fremu iliyochangia uso, pamoja na faili yenye leya. Aliyeshona kwa haki anazo.

Fundi wa studio, Morogoro: Yangu ni tofauti. Wateja wanakuja na picha ya harusi ya binti yao, wanataka baba aliyefariki asimame ubavuni. Natafuta mwili wa mtu mwenye suti, mara nyingi mimi mwenyewe, nabandika kichwa kutoka picha ya kitambulisho. Kazi ngumu kweli, maana picha ya kitambulisho imepigwa mbele kabisa na mwanga bapa. Familia inalia kwa furaha. Nikiileta kwenye mashindano, niandike "mwili si wa baba"?

Mwanachama aliyeko Nairobi: Andika, kaka, na familia ikubali kwa maandishi, kwa sababu kuifanyia kazi ni jambo moja na kuitundika ukutani mbele za watu ni jingine. Huku kwetu Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza klabu ya starehe ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Hapo picha haikuwa hata na kubandika. Tanzania nanyi mna sheria ya taarifa binafsi ya mwaka 2022.

Rasimu ina tundu jingine: inalinda uso, mwili umeachwa. Agosti 1989 jarida la TV Guide la Marekani lilitoa jaladani kichwa cha Oprah Winfrey juu ya mwili wa mwigizaji Ann-Margret, kutoka picha ya miaka kumi nyuma. Hakuna kati yao aliyeombwa ruhusa. Kwa rasimu yenu mshiriki angemtaja Oprah tu, mwenye mwili asijulikane.

Katibu wa klabu: Nimejaribu upya: "Mshiriki atatamka kila uso au kichwa kilichotoka fremu nyingine: ni cha mtu yuleyule au la, kilipigwa tukio lilelile au jingine, na mwili ni wa nani. Ataambatisha faili ghafi zote zilizochangia. Uso wa mtu mwingine utahitaji idhini ya pande zote mbili, au ya familia kwa marehemu." Limebaki swali la uso uliotengenezwa na programu, usio wa mtu yeyote. Hilo kamati bado.

Mpigapicha wa harusi, Tanga: Hiyo naiweza, mstari mmoja tu. Ila majaji wasiuone kabla ya kutoa alama! Wakisoma "nyuso tano zimebandikwa" wataikata hata kabla ya kuitazama. Tamko likae kwa katibu.

Mhariri wa picha mstaafu: Hapo tutabishana mpaka asubuhi. Utapimaje mshono usiojua upo wapi? Mimi nataka waone picha kwanza kwa dakika moja bila maneno, kisha tamko, kisha ndipo waandike alama.

Mwanachama aliyeko Nairobi: Dakika hiyo itatosha kukariri kasoro, mzee. Mimi niko na Tanga.

Mpigapicha wa harusi, Tanga: Wakikataa, nitahamishia picha zangu kitengo cha kawaida.

Katibu wa klabu: Kitengo cha kawaida ni fremu moja tu, kaka. Huko hata mtoto aliyefumba macho anaingia amefumba.