Matairi, vipande vya vitenge au chupa: kipi kinauzika kwa mtaji mdogo?

Mkazi wa Kihonda
Habari za leo, wanajukwaa. Mimi na mdogo wangu wa kike tunaishi Morogoro, tumejikusanyia shilingi 200,000, na tunataka kutengeneza bidhaa kutokana na taka. Yeye ana cherehani na anajua kushona. Mimi sina ufundi wowote isipokuwa mikono yenye nguvu. Tunapima mambo matatu: katambuga za tairi kuukuu, vipochi vya vipande vya vitenge vinavyobaki kwa mafundi, na fagio za chupa za maji. Ningeomba ulinganisho wa mtu aliyewahi kuuza, si wa aliyetazama video tu.

Kijana wa Chupa
Mimi nilianza na fagio za chupa. Unaichana chupa kwa mzunguko hadi itoke nyuzi ndefu, unazizungushia kwenye fremu ya mbao, unazipasha moto kidogo ili zinyooke, kisha unazifunga ndani ya shingo ya chupa nyingine na kutia mpini. Fagio moja ilinila chupa zaidi ya 15 na karibu saa moja na nusu, na mteja akaipima na fagio ya dukani ambayo bei yake anaijua. Ilikuwa nzuri kwa uwanja wenye mchanga, lakini sikuona faida. Sasa nauza chupa kwa kilo. Hata hivyo nasikia kuyeyusha chupa na mchanga kutengeneza tofali za njiani kunalipa sana, mngejaribu hilo.

Fundi Sandali
Ndugu Kijana, hapo umechanganya. Tofali hizo hutengenezwa kwa plastiki laini ya aina ya mifuko, ambayo huyeyuka mapema na kushika mchanga. Chupa ya maji inahitaji joto la karibu nyuzi 250, na ikipoa vibaya huwa ngumu na kupasuka. Zaidi ya hayo, bomba au kiatu cha plastiki kikiingia kwenye pipa hilo kwa bahati mbaya, moshi wake unachoma koo. Si kazi ya uani.

Sasa nimjibu mwenye mada, kwa kuwa katambuga ndiyo kazi yangu kwa miaka 11. Wengi hushindwa siku ya kununua tairi, kabla hata ya kushika kisu. Tairi la nailoni linakatika kwa kisu cha kawaida kilichonolewa vizuri, na unaweza kulichuna tabaka kwa tabaka mpaka upate unene unaoutaka. Tairi la waya halikubali: chini ya meno yake kuna nyuzi za chuma, na hata ukilikata kwa msumeno, ncha hizo hujitokeza ubavuni mwa soli, hushika kutu na kumchoma mteja mguu. Mteja huyo harudi, na anawaambia wenzake.

Dereva Mstaafu
Hilo ni rahisi, fundi. Tairi la lori ni nailoni, la gari dogo ni waya. Achukue ya malori tu.

Fundi Sandali
Shikamoo mzee. Zamani ilikuwa hivyo, lakini siku hizi malori mengi yanatembea na matairi ya waya, na baadhi yana waya hadi ubavuni. Usitazame ukubwa, soma maandishi. Ukiona 10.00-20 au 7.50-16, yaani kistari katikati, hilo ni nailoni. Ukiona herufi R, kama 10.00R20, 11R22.5 au 195/65R15, hilo ni la waya, liache. Ikiwa maandishi yamefutika, chukua sumaku ndogo ya spika mbovu na uipitishe katikati, juu ya meno. Ikivuta, kuna waya. Usiipime pembeni kabisa panaposhika rimu, kwa sababu hapo kila tairi lina chuma.

Tairi la 10.00-20 lina mzunguko wa zaidi kidogo ya mita 3, na upana wake unabeba soli mbili sambamba, kwa hiyo ukiruka sehemu zilizoliwa na misumari unapata jozi nane hadi kumi. La bajaji pia ni nailoni, lakini ni dogo na limepinda mno; soli yake hubaki imejikunja kama mtumbwi hata ukiilalia mawe wiki nzima. Unapokata, chovya kisu kwenye maji ya sabuni kila baada ya mivuto michache, la sivyo mpira unakibana. Gidamu zitoke kwenye tyubu nene, na kila msumari ukunjwe ncha kuelekea ndani ya soli, kisha upitishe kidole chako kote kabla ya kuuza.

Bustani Yangu
Samahani kuingilia. Nina matairi manne uani, nataka kuyapaka rangi nipande maua. Niyauze bei gani?

Fundi Sandali
Dada, mwenzako anauliza kuhusu bidhaa za kuuza. Ila ukiyaacha, yatoboe matundu chini. Maji yakituama ndani, mbu wa dengi hawahitaji mwaliko.

Mama Vipochi
Niseme upande wa vitambaa. Vipande ni vya bure mpaka fundi aone unachouza. Wa kwangu aliniuzia gunia kuanzia mwezi wa tatu. Tena gunia zima si mali. Langu la mwisho lilikuwa na kama kilo 10, nikachambua siku mbili, nikabaki na kilo 3 za kitenge cha pamba kilichozidi upana wa kiganja. Mengine yalikuwa bitana, satini na vitambaa vya kuvutika.

Usichanganye pamba na vitambaa vya nailoni kwenye kipochi kimoja. Kikifuliwa, pamba hunywea na mwenzake habadiliki, ndipo mshono unakunjamana. Ukiwa na shaka, choma uzi mmoja: pamba hunuka karatasi na kuacha jivu laini, nailoni na jamaa zake huyeyuka na kuacha punje ngumu.

Hesabu yangu ni hii. Zipu, bitana na uzi vinanigharimu shilingi 1,000 kwa kipochi. Duka linachukua kwa 2,500. Nashona vinane kwa siku. Hiyo ni 12,000, lakini siku za kuchambua hazimo humo. Kilichonikwamisha ni mteja aliyetaka vipochi 40 vinavyofanana kwa ajili ya sherehe. Vipande havijirudii. Nilimshawishi kwa kufanya zipu na bitana kuwa nyeusi kwa vyote, nje tu ndiko kutofautiane, akakubali vyote isipokuwa sita alivyoviona havina mvuto.

Mkazi wa Kihonda
Nawashukuru. Jana nilikwenda kwa fundi wa pancha na sumaku mfukoni. Kati ya matairi 14 niliyoyasoma, yenye kistari yalikuwa matatu, na moja kati yake limepasuka. Kwa hiyo mdogo wangu ataanza na vipochi, nami nimenunua tairi moja la kujifunzia. Ila pale kulikuwa na rundo la tyubu kuukuu za malori. Je, zinaweza kushonwa vipochi?

Fundi Sandali
Zinashonwa. Zioshe kwanza poda ya ndani, tumia sindano ya ngozi, na weka karatasi chini ya mguu wa cherehani ili mpira usigande, ukimaliza unaichana.

Mama Vipochi
Kwa cherehani ya kawaida mimi sikubaliani na fundi. Tabaka moja inapita, lakini kwenye kona, zinapokutana tabaka nne na zipu, mimi nimevunja sindano tatu.