Naomba ushauri: nitege mitego ya panya chini au juu?

Habari zenu ndugu zangu. Nipo Morogoro, panya wanamaliza mahindi ghalani.

Nyuma ya banda la kuku kuna mashimo manne. Juzi jioni niliyaziba yote kwa majani makavu. Asubuhi mawili yalikuwa wazi, udongo mbichi umemwagwa mdomoni mwa mashimo. Kutoka hapo kuna kijinjia kwenye nyasi kinachofuata msingi wa ukuta wa ghala hadi kwenye bomba la maji ya mvua. Pembeni ya bomba ukuta una weusi wa mafuta. Niliugusa, ukabaki kidoleni, kwa hiyo nadhani bado wanapita.

Wiki iliyopita nilitega mitego miwili ya kubana mlangoni mwa ghala, chambo dagaa. Sikupata kitu. Jana usiku nikamwaga majivu laini: nyayo zimejaa kando ya ukuta, zinaishia kwenye bomba, na mlangoni hakuna hata moja. Inaonekana wanapanda na kuingilia darini.

Sasa, nitege chini kabla ya bomba, mdomo wa mtego ukielekea ukutani, au juu kwenye boriti? Na kwa kuwa panya huogopa kitu kigeni, niiache siku ngapi na chambo bila kuitega?