Mrejesho: kioo cha duka kilichovunjwa na bango

Niliuliza: "Upepo umeng'oa bango la duka langu hapa Majengo, Dodoma, likavunja kioo cha mbele. Nina bima ya vioo. Nitalipwa?"

Wakuu, nimelipwa, ila si vyote.

Mkaguzi wa hasara alikuja siku ya tatu. Vipande nilikuwa sijavitupa, na picha nilipiga kabla ya kufagia (asante aliyenishauri). Kioo kikubwa kilikuwa kimepasuka upande mmoja hadi wa pili, na kwenye mkataba huko ndiko kuvunjika. Kioo cha pembeni kilichunwa tu na chuma cha bango na kumeguka kidogo ukingoni. Hicho hakikulipwa. Alikipapasa kwa kidole pande zote mbili, akasema mkwaruzo ambao haujapenya unene wa kioo ni uchakavu wa sura, haufidiwi.

Kioo kilinigharimu 480,000 na fundi wa kukifunga. Wakatoa 50,000 ninayobeba mwenyewe kwa kila tukio, nikapata 430,000. Maandishi ya jina la duka yaliyobandikwa juu yake nimelipia mfukoni, kwa sababu hayakuandikwa kwenye jedwali la mkataba.

Bango nalo hivyo hivyo. Nilidhani linaingia kwenye "vioo vya mbele", kumbe linaorodheshwa peke yake kwa thamani yake. Nimeliongeza sasa, pamoja na maandishi. Wakala akanionya: fundi akikivunja kioo wakati wa kukifunga au kukihamisha, bima hii hailipi, kwa hiyo nimdai fundi.