Mjadala: Dakika nane kwa kila mlango zinatosha kumjua daktari?

Mama Rukia
Binti yangu ameitwa kwenye usaili wa kuingia chuo cha udaktari hapa Ontario. Atapita milango kumi, dakika nane kila mlango, maswali ya maadili na huruma matupu, hakuna hata swali moja la baiolojia. Miaka minne yote mtoto amekesha na vitabu. Je, ni haki? Dakika nane zinapima huruma gani?

Fundi Saa
Si haki. Kwetu Tanzania mtoto anamaliza kidato cha sita, anaomba kwa alama zake za fizikia, kemia na baiolojia, jina linatoka au halitoki. Hakuna anayemkodolea macho kumpima huruma. Na madaktari tunao, wanatuzalishia wake zetu usiku wa manane. Haya ya milango ni ya watu wanaotaka kuchagua wanaoongea kama wao.

Hamadi K.
Mama Rukia, shikamoo. Nimekaa upande wa ndani wa mlango kwa misimu mitano, chuo sikitaji. Hiyo milango kumi ilibuniwa ili bahati mbaya isimmalize mtoto.

Zamani walikuwa wanakaa wasaili watatu, mwombaji mmoja, karibu saa nzima. Ukiteleza mwanzoni, umeteleza mbele ya wote watatu, na kila unachosema baadaye kinasikika kupitia lile kosa. Watu wa Chuo Kikuu cha McMaster, pale Hamilton, ndio walioueleza mfumo huu mwaka 2004. Waliona kwamba tabia ya mtu katika jambo moja haikuambii sana atakavyokuwa katika jingine. Mtu anaweza kumfariji mfiwa vizuri kabisa, kisha akamdhalilisha mwenzake kazini. Kwa hiyo badala ya macho mengi kwenye mazungumzo mamoja, wakaweka jicho moja moja kwenye mazungumzo mengi.

Hesabu yake nyepesi. Tuseme kila mlango una alama 10. Binti anapata 8 kwenye milango tisa, mmoja unamwangusha anapata 2. Jumla 74 badala ya 80. Imeuma, lakini yuko hai. Na aliyekaa mlango wa saba hajui kwamba alitoka mlango wa tatu machozi yanamlengalenga.

Bi Tausi, Leicester
Mimi niliyapitia hayo hayo nilipokuja Uingereza kusajiliwa uuguzi. Vituo, saa ukutani, mdoli kitandani. Kituo kimoja nilianguka kwa sababu nilinawa mikono lakini sikusema kwa sauti kwamba nanawa. Mwambie binti ataje kila anachofanya.

Na mwanangu wa kiume alisailiwa udaktari mwaka juzi, akakosa. Walimwandikia kwamba hakuwa akimtazama mtu machoni. Kijana aliyemuuguza babu yake miezi minane, akimgeuza kitandani kila usiku. Hilo hakuna mlango uliomuuliza.

Zawadi, mwaka wa pili
Pole sana shangazi. Lakini ule mtihani wako wa uuguzi unapima ulichofundishwa, ndiyo maana kutaja hatua kunalipa. Huu wa kuingia chuo hautaki ujuzi wowote wa tiba. Rukia akianza kutaja hatua ataonekana amekariri. Karatasi inabandikwa mlangoni, una dakika mbili za kuisoma, kengele inalia, unaingia. Mimi mlango wa kwanza nilisahau hata kusalimia.

Ngalawa
Bi Tausi, usinichukie, ila hayo ndiyo matunda ya malezi yetu. Miaka kumi na minane tunamwambia mtoto macho chini, usimjibu mkubwa, shikamoo na unyamaze. Halafu tunashangaa hawezi kuzungumza na profesa dakika nane. Tena kuna utafiti wa California kwamba wachangamfu ndio wanaopata alama za juu kwenye milango hii. Na hao McMaster wenyewe walishaachana nayo, mwaka 2020 walipiga bahati nasibu.

Bi Tausi, Leicester
Usinifundishe kulea. Mwanangu hajawahi kunyamazishwa nyumbani kwangu. Na shikamoo haikumnyamazisha mtu. Shikamoo inamfundisha mtoto amwangalie aliye mbele yake kabla hajafungua mdomo: ni mkubwa au mdogo, amekaa au anatembea kwa shida, anaumwa au mzima. Kama hiyo si huruma, basi nionyesheni ya kwenu.

Fundi Saa
Andika tena hapo Bi Tausi. Wanataka watoto wetu wawe watangazaji wa redio.

Ngalawa
Sijasema shikamoo ni mbaya. Nimesema mtoto asiyeruhusiwa kumuuliza baba yake "kwa nini" hatajifunza kuuliza mbele ya mgeni. Mimi ni mwalimu, nawaona darasani kila siku. Jibu analo, ukimtazama tu analimeza.

Mwinyi Tanga
Mwalimu, hao wanaomeza majibu wanaogopa fimbo yako, si shikamoo ya mama zao.

Ngalawa
Sijawahi kushika fimbo. Omba radhi.

Zawadi, mwaka wa pili
Jamani. Kuhusu 2020: ilikuwa korona. Usaili ulifutwa karibu na siku zenyewe, na watu walikwisha kuitwa. Waliokuwa juu kwa alama za awali walipewa nafasi, waliobaki ndio waliochaguliwa kwa bahati nasibu. Ulikuwa mwaka mmoja, kisha usaili ukarudi.

Hamadi K.
Ule utafiti wa California upo kweli, Ngalawa. Uchangamfu ulikwenda pamoja na alama za juu kidogo. Sitaupinga, nimeuona hata kwenye karatasi zangu. Mtu akiingia anatabasamu, mkono wangu unataka kuandika 8 kabla hajasema neno.

Lakini niwaonyeshe kinachotazamwa, kwa mfano uliokwisha kuchapishwa na wenyewe, maana ya kwetu tumeapa kutoyatoa. Mlangoni imeandikwa hivi: umerudi nyuma na gari kwenye maegesho ya kazini, umegonga BMW ya jirani, umevunja taa ya mbele na kubonyeza bodi. Mlinzi amekuona, amempigia mwenye gari simu. Anaitwa Tim, anakusubiri ofisini. Ingia.

Ndani yumo mwigizaji, na mimi nimekaa pembeni na kalamu. Wengi wanaingia na bima: "Nitalipa, hizi hapa namba zangu." Tim anasema gari lile ndilo alilosubiri miaka. Mwombaji anarudia: "Bima italipa yote." Tim anapandisha sauti, mwombaji naye anaongeza mwendo, mara ya tatu bima. Dakika ya nne hana la kusema tena, wanatazamana mpaka kengele. Hakudanganya, hakumtukana mtu, lakini hakuna alichokisikia.

Msimu mmoja, kwenye mlango wa aina hiyo, aliingia kijana sauti ndogo, macho mezani. Akasema, "Nimekuja kukuomba radhi, ni mimi." Akanyamaza. Mwigizaji akafoka kama dakika nzima, kijana hakumkatiza. Kisha akauliza, "Leo utafikaje nyumbani?" Mwigizaji akapoteza hasira yake, na yule amelipwa kukasirika. Nilimpa 9. Nakiri kwamba kwa dakika mbili za mwanzo nilikuwa nimeshamwandikia 4 kichwani kwa sababu ya yale macho.

Bi Tausi, Leicester
Na kama angekaa mtu mwingine hapo ulipokaa wewe, ile 4 ingebaki.

Hamadi K.
Inawezekana kabisa, dada. Tunaambiwa kabla ya kuanza kwamba macho chini si dalili ya kuficha jambo, ila kuambiwa na kuzoea ni mambo mawili. Ndiyo maana kuna milango kumi na watu kumi. Mmoja mkali anawapiga wote wa mzunguko wake sawasawa. Ninachokiogopa zaidi ni mzunguko wa asubuhi kuwa na wakali watatu na wa mchana usiwe nao, maana mwisho wa siku majina yanalinganishwa pamoja. Hilo milango kumi inalipunguza tu, hailimalizi.

Fundi Saa
Sasa mzee Hamadi, nani amethibitisha kwamba waliochaguliwa hivi ni madaktari bora? Wagonjwa wamepona zaidi?

Hamadi K.
Wagonjwa kupona hakuna aliyelipima hivyo. Kilichopimwa Kanada ni mtihani wa leseni ya taifa. Utafiti ulitoka mwaka 2012: waliokubaliwa kwa milango walifanya vizuri kuliko waliokataliwa kwenye milango hiyo hiyo na kusoma udaktari kwingine.

Fundi Saa
Kwa hiyo umepima mtihani kwa mtihani. Huruma bado haijapimwa.

Hamadi K.
Sehemu ya pili ya mtihani ule wakati huo ilikuwa na wagonjwa wa kuigiza, unazungumza nao, unawachunguza. Haikuwa karatasi tupu. Lakini hoja yako ninaichukua, kuigiza si kuugua.

Mwinyi Tanga
Ngalawa, fimbo nimeifuta, radhi. Ila bado sijakubali kwamba shikamoo ina kosa hapa.

Ngalawa
Nimepokea. Nami bado sijakubali kwamba haina.

Mama Rukia
Mmegombana juu ya malezi mpaka swali langu limezama, lakini nimesoma yote. Niulize moja la vitendo. Kuna mtu hapa mjini anafundisha hii milango kwa pesa nyingi. Anataka karibu pango letu la mwezi.

Zawadi, mwaka wa pili
Usilipe, mama. Kule Australia walilinganisha waliofundishwa na wasiofundishwa, mafunzo hayakuwasaidia. Mimi wale waliolipia niliwatambua kwenye chumba cha kusubiri, wote walikuwa na sentensi moja ya kuanzia: "Kwanza ningependa kutambua hisia zako." Ukiwasikiliza siku nzima watu wa aina moja, sentensi hiyo inachosha.

Hamadi K.
Inachosha saa nne asubuhi. Afanye mazoezi na saa, dakika mbili asome, nane aongee, na mtu asiyemhurumia mbele yake. Azoee pia kuuacha mlango ulioharibika nyuma yake. Wengi wanaharibu wa nne kwa sababu bado wako kwenye wa tatu.

Fundi Saa
Mimi bado nasema cheti kiamue. Lakini Mama Rukia, apite salama.

Mama Rukia
Ahsanteni. Jana usiku nimekuwa Tim mimi, nimekaa jikoni nimenuna, Rukia amesimama barazani na karatasi. Akaingia na bima. Nikamwambia toka, soma tena. Mara ya pili bima tena, ila kwa adabu. Mara ya tatu akaingia, akanitazama, akaona nimejishika goti. Akasema, "Mama, lile goti limerudi?"

Nikasahau gari. Tukabaki tunazungumza habari ya goti mpaka simu ikalia kwamba dakika nane zimekwisha. Sasa hapo, kaka Hamadi, angepata ngapi?

Bi Tausi, Leicester
Mpe kumi, Hamadi. Na yule wangu mpe hesabu yake pia.