Msaada: kurasa za kitabu cha zamani zimechomoka, nitumie gundi gani?

MkutubiUnyanyembe: Habari za jioni wakuu. Nipo Tabora, nafanya kazi maktaba na nakaribia kustaafu. Nina kitabu kimoja cha zamani, jalada gumu, mgongo umelegea na kurasa za katikati zilichomoka. Kuna mtu amejaribu kukitengeneza. Amezishona kwa uzi mweusi wa cherehani, halafu akabandika vipande vitatu vya selotepu palipochanika. Nataka niukate huo uzi, nibandue selotepu, kisha nibandike kurasa kwa gundi ili zikae kama zamani. Gundi ipi inafaa? Jumatatu nakabidhi ofisi, kwa hiyo naomba majibu mapema.

SeremalaCheyo: Shikamoo mzee. Chukua gundi nyeupe ya mbao, paka mgongo wote, kandamiza na tofali usiku kucha. Mimi nimefanyia Biblia ya mama mkwe, hadi leo inasomwa.

BintiUjiji: Umenikumbusha mbali. Nikiwa Kigoma niliazima kitabu cha hadithi, mdogo wangu akakidondosha kwenye ndoo ya dagaa. Nilikificha darini mwaka mzima, nikawa nazunguka njia ya nyuma ili mwenye maktaba asinione. Mzee, huyo aliyeshona msamehe tu.

FundiJalada: Mzee wangu, kabla ya gundi nijibu kwanza. Fungua katikati ya hizo kurasa zilizochomoka. Uzi umepita kwenye mkunjo wenyewe, pale karatasi inapokunjwa mara mbili, au umetoboa pembeni kutoka juu hadi chini? Na kama umeshika vizuri, kwa nini uukate?

MkutubiUnyanyembe: Umepita kwenye mkunjo. Ila haupendezi, ni mweusi, unaonekana ukifungua tu. Ndiyo maana nimeuliza gundi.

FundiJalada: Matundu ni mapya au ni yale ya zamani?

MkutubiUnyanyembe: Nimevaa miwani nikaangalia. Ni ya zamani, yote manne. Sindano haikutoboa tundu jipya hata moja.

FundiJalada: Basi acha uzi huo, mzee wangu. Vitabu vya zamani vya jalada gumu vilishonwa hivyo hivyo: karatasi zinakunjwa kwa mafungu, sindano inapita katikati ya mkunjo. Aliyeshona angetoboa pembeni, kitabu kisingefunguka vizuri na karatasi kavu ingekatika kwenye mstari wa uzi. Ukikata halafu ukabandika kwa gundi, kurasa za nje tu ndizo zitakazoshika, za ndani zitachomoka tena. Ndugu Seremala, gundi ya mbao inashika kweli, lakini haitoki tena. Siku mgongo ukihitaji kufunguliwa, karatasi itatoka nayo. Kwa kitabu cha nyumbani sawa, kwa cha maktaba hapana.

KinyoziGongoni: Mimi sijaelewa. Mtu kaharibu, kashona mwenyewe, wewe unahangaika nini? Atozwe faini, basi.

FundiJalada: Na mimi ndicho ninachojiuliza. Mzee, ni nani aliyeshona, na kwa nini hutaki mshono huo uonekane Jumatatu?

MkutubiUnyanyembe: Nilitaka tuongelee gundi tu, lakini sawa. Kitabu hiki ni cha rafu ya rejea, kina habari za wazee wa Unyamwezi, na hatuna nakala nyingine. Hakitakiwi kutoka nje ya mlango. Nilimpa binti mmoja wa sekondari aende nacho nyumbani. Hana kadi ya uanachama kwa sababu fomu inataka saini ya mzazi na ya shule, na mtoto yule haongei na mtu. Alikuwa anakuja baada ya masomo, anasimama mbele ya rafu ile, anaweka kidole kwenye mgongo wa kitabu bila kukitoa. Siku moja nilimwambia, "Mwanangu, chukua, ukimaliza urudishe." Sikuandika popote. Alikirudisha mvua ikinyesha, kakifunga ndani ya kanga, akaweka mezani akaondoka bila kuniangalia. Hajarudi tena. Anayechukua nafasi yangu ana orodha ya rafu ile na atakagua kitabu kimoja kimoja. Akiuliza nani kashona, nitamtaja mtoto? Bora nirekebishe kimya kimya.

UstadhiKitete: Mzee mzima unampa mtoto wa shule vitu nje ya utaratibu! Dunia ya leo watu watafikiri vingine. Ungemwita mzazi wake.

MkutubiUnyanyembe: Nilimpa kitabu mchana, mbele ya wasomaji wengine, na sikumfuata popote. Mzazi nilimwandikia barua, haikujibiwa.

ShahidiMtaani: Wakuu, hii ni chai. Mwanafunzi gani wa leo anajua kupitisha sindano kwenye matundu ya zamani ya kitabu? Na mzee wa kustaafu anajibu kwa dakika mbili? Huyu anatunga hadithi, anatafuta mwisho wake kwetu.

BintiUjiji: Hata mimi nimeanza kuona hivyo. Taja jina la kitabu.

MkutubiUnyanyembe: Sitaji, wenzangu kazini watakijua mara moja. Kuhusu sindano, bibi yake ana cherehani barazani, maeneo ya Isevya. Kila fungu limefungwa fundo ndogo, na mwisho wa uzi umerudishwa ndani ya mshono usichomoze. Hivyo ndivyo mafundi wetu wanavyomalizia pindo. Anayetaka kusema natunga aseme, mimi Jumatatu ipo.

ShahidiMtaani: Fundo la pindo halithibitishi kitu. Ila endelea.

FundiJalada: Iwe chai au isiwe, selotepu ni ya kweli na itakula kitabu. Gundi yake inazama kwenye karatasi, inageuka njano, halafu plastiki inadondoka na doa linabaki. Kama ni ya wiki chache bado inatoka. Weka karatasi nyeupe juu yake, pitisha pasi ya moto mdogo sekunde chache, kisha inua ncha na uvute polepole ukiilaza karibu kabisa na ukurasa. Usivute kwenda juu. Ikianza kuinua nyuzi za karatasi au wino, simama, acha kipande hicho. Palipochanika tumia uji wa ngano: unga kijiko kimoja, maji vijiko vitano, koroga jikoni hadi uwe mzito na ung'ae, upoe, uchuje kwa kitambaa. Paka chembamba sana juu ya ukanda wa karatasi laini isiyo na maandishi. Weka karatasi ya nailoni huku na huku, kandamiza hadi kesho yake. Ukizidisha uji, mende watakushukuru.

SeremalaCheyo: Kumbe ngano tu. Na kama kililowana mvua?

FundiJalada: Ukipapasa kurasa zikawa za baridi, bado kuna unyevu. Kisimamishe wazi mbele ya feni, usikianike juani, kitapinda. Kikikaa na maji siku mbili, ukungu unaanza. Kuhusu makabidhiano, mzee, tumia daftari la matengenezo. Andika namba ya usajili, fungu lililoshonwa, tarehe, na kwamba kilitoka kwa ruhusa yako. Jina la mtoto halihitajiki pale.

UstadhiKitete: Ruhusa ambayo hakuwa nayo.

MkutubiUnyanyembe: Mkutubi msimamizi wa rafu ni mimi, Ustadhi. Selotepu mbili zimetoka salama, ya tatu imekaa juu ya picha, nimeiacha. Uzi sijaukata. Daftari liko mbele yangu, nimeandika namba ya usajili na tarehe. Ile sentensi ya ruhusa bado.

BintiUjiji: Na binti? Kitabu kikirudi rafuni bila yeye kuruhusiwa kukishika, umefanya nini?

MkutubiUnyanyembe: Fomu ya uanachama nitampelekea bibi yake kesho, pamoja na mwalimu wa kike wa shule yao. Asipotaka kusaini, sijui.