Ulinganisho: gridi ya 3x3, kuweka katikati, au apu ya konokono?

pwani_mchangani: Wakuu, habari za jioni. Nimepewa kazi ya kupiga picha za nyumba ya wageni huku Unguja, kwa simu tu, na Jumamosi natakiwa kukabidhi. Nina njia tatu na sijaamua. Ya kwanza, kuwasha gridi ya 3x3 na kuweka kitu kwenye mstari wa theluthi. Ya pili, kuweka kila kitu katikati kama zamani. Ya tatu, kulipia apu inayochora ule mzunguko wa konokono kwenye kioo. Ipi inatoa picha tamu zaidi?

chuma_mboga: Theluthi, basi. Weka kitu pale mistari inapokutana, kuna makutano manne, chagua moja. Kuweka katikati ni picha ya pasipoti.

fundi_mwanga: Mkuu pwani_mchangani, hujasema unapiga nini wala picha zinakwenda wapi. Bila hayo mawili utapewa majibu ya kubahatisha. Na simu ni ipi?

bi_mkoba: Samahani, mimi nauza viatu vya mtumba. Hiyo mistari ikiwashwa si itatokea kwenye picha? Mteja atadhani nimepiga juu ya daftari la hesabu.

chuma_mboga: 😂 Haitokei dada. Inaonekana kwenye kioo wakati wa kupiga tu.

pwani_mchangani: Kweli, niliruka. Simu ni iPhone. Vitu ni jahazi likipita jioni, mlango wa kuchonga wa mbele, mwenye nyumba akiwa barazani, na meza ya chai ya asubuhi. Picha zitakwenda Instagram na stetasi za WhatsApp. Kuna na bango, ila sijaambiwa ukubwa.

fundi_mwanga: Hapo sawa. Washa gridi kwanza: Settings > Camera > Grid. Kama iOS yako ni 17 au zaidi, washa na Level papo hapo, itakuonyesha simu ikilala upande.

Sasa jahazi. Kama linaelekea kulia, liweke kwenye mstari wa kushoto, liwe na maji ya kuendea mbele ya omo. Ukiliweka kulia linaonekana linataka kugonga ukingo wa picha. Upeo wa bahari ulaze kwenye mstari wa chini kama mbingu ndiyo yenye rangi. Mbingu ikiwa nyeupe tupu, upandishe upeo kwenye mstari wa juu, maji yachukue nafasi.

Tatizo liko kwenye stetasi. Tuseme umepiga simu ikiwa imelala, picha ya 4000 kwa 3000. Mstari wa kushoto uko pikseli ya 1333. Ukikata katikati kupata mraba, unaondoa 500 kila upande, na jahazi linabaki kwenye 833 kati ya 3000, yaani asilimia 28. Bado linapendeza. Lakini ukikata picha hiyohiyo iwe ndefu ya 9:16 ijaze kioo cha stetasi, upana unaobaki ni kama 1687, na ukingo wa kushoto unaanzia 1156. Jahazi lenye upana wa pikseli 600 linaanzia 1033. Maana yake tezi imekatwa, na hakuna gridi itakayokusaidia hapo. Kwa stetasi piga nyingine, simu ikiwa imesimama. Usiitegemee picha moja ifanye kazi mbili.

pwani_mchangani: Dah, hilo sikulijua. Na mlango je?

fundi_mwanga: Mlango ni katikati, hapa napingana na chuma_mboga moja kwa moja. Mlango wa Kizanzibari una mbao mbili na mfaa katikati, umejengwa kwa ulinganifu. Ukiusukuma kwenye theluthi unaonekana kama umekosea. Lakini gridi iache ikiwa imewaka. Sogea mbele au nyuma mpaka miimo miwili ikae juu ya mistari miwili ya wima, au iwe mbali nayo kwa kiasi sawa pande zote. Kisha angalia juu: kama miimo inakaribiana kuelekea juu, umeinamisha simu nyuma. Usirudi nyuma peke yake, inua simu ifike usawa wa nusu ya mlango na uishike wima.

chuma_mboga: Sawa kwa mlango. Ila mwenye nyumba lazima awe kwenye makutano, jicho lake hasa.

karakana_ya_chapa: Niingilie hapo, maana picha za namna hiyo zinaletwa kuchapishwa kila mara. Kulikuwa na seti moja ya mapishi na wapishi, imepangwa kwa theluthi vizuri kabisa, kila uso kwenye makutano ya juu kushoto, dirisha la baharini nyuma. Nyuso zote nyeusi. Aliyepiga alipanga mistari akabonyeza, na simu ikapima mwanga kwa kufuata lile dirisha lililojaa katikati, ikaitia giza picha nzima ili mbingu isiungue. Kwenye kioo cha simu, juani, hakugundua. Walipojaribu kuzing'arisha, vivuli vikajaa chengachenga, na kwenye karatasi chengachenga ndizo zinazoonekana kwanza. Zaidi ya hapo, baadhi zilipigwa kwa lenzi ya 0.5x, na wale waliokaa karibu na kingo vichwa vimevutika kama maembe. Seti nzima ikarudiwa.

Dawa yake ni ndogo. Gusa uso na ushikilie kidole mpaka maandishi AE/AF LOCK yatokee. Ndipo usogeze simu uso ufike kwenye mstari, bila kubadilisha umbali. Ukikuta uso bado una giza, telezesha kile kijua kidogo juu. Na kwa mtu tumia 1x au 2x, 0.5x iache kwa chumba.

mwalimu_hesabu: Hakuna aliyegusa konokono. Ule mzunguko unatokana na uwiano wa dhahabu, na uwiano huo una maana zaidi kuliko theluthi, kanuni ya theluthi ni nakala ya kivivu.

fundi_mwanga: Mwalimu, mistari ya dhahabu inakaa asilimia 38.2 na 61.8, ya theluthi 33.3 na 66.7. Tofauti ni kama asilimia 5 ya upana. Jahazi linayumba zaidi ya hapo kabla kidole hakijafika kwenye kitufe. Tena mchoraji Mwingereza J. T. Smith aliiandika kanuni ya theluthi mwaka 1797, akizungumzia mgawanyo wa mwanga na kivuli na wa ardhi na mbingu. Hakuikata kutoka kwa konokono yeyote.

mwalimu_hesabu: Asilimia 5 kwenye bango la mita tatu ni sentimita 15. Hiyo si kidogo.

karakana_ya_chapa: Lakini bango lote limekua pamoja nayo, shehe. Jicho linaliona kutoka ng'ambo ya barabara.

mwalimu_hesabu: Inategemea barabara.

chuma_mboga: Simu za Pixel zina gridi ya dhahabu bure, na ya 4x4 pia. Ile 4x4 ina mstari wa katikati kabisa, kwa mlango ni rahisi kuliko 3x3. Kulipia apu kwa ajili ya mistari ni kutupa hela.

bi_mkoba: Na kiatu kimoja kikiwa mezani kiwe katikati au pembeni? Mmenisahau.

fundi_mwanga: Cha kuuza kiwe katikati dada, mteja anataka kuona soli na kisigino, hatafuti mandhari. Kama ni jozi, kimoja mbele kwenye mstari wa kushoto na kingine nyuma kulia, ncha zikielekea ndani.

pwani_mchangani: Nimepigiwa simu sasa hivi, bango ni refu la kusimama mlangoni, na wanataka jahazi na mlango kwenye picha moja.

karakana_ya_chapa: Jahazi na mlango kwa pamoja? Mlango unatazama bahari au barabara?